Hela uliyotuma nyumbani kutoka Uingereza haijafika: namna ya kulalamika ngazi kwa ngazi, na siku za kuhesabu

Huu mwongozo ni wa watu wetu walioko Uingereza wanaotuma hela nyumbani kwa apu au kwa ajenti wa dukani halafu hela ikakwama njiani. Kwenye simu yako imeandikwa imelipwa, mama kule Tanga au Kisumu anasema mwanangu sijaona kitu, ukipiga kastoma kea unaambiwa subiri masaa 24, ukipiga kesho yake mtu mwingine kabisa anakwambia subiri masaa 24 tena. Watu wanakaa kwenye hayo masaa 24 hata mwezi mzima, na inaniuma kwa sababu Uingereza kuna utaratibu kamili wa malalamiko kwa hizi kampuni, una ngazi zake na una siku zake, ni kanuni za mamlaka inayosimamia huduma za fedha, yaani FCA, wala sio hisani ya kampuni.

Namba ya kwanza ya kukaa nayo kichwani ni 15. Kampuni ya kutuma hela ikipokea lalamiko lako kuhusu muamala inatakiwa ikupe jibu lake la mwisho kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi. Hii kanuni ipo tangu Januari 2018. Kuna muda mwingine ambao utausikia sana, wiki 8, huo ni wa malalamiko mengine ya kifedha kama bima na mikopo, na wafanyakazi wengi wa simu wanautaja huo kwa mazoea hata kwenye kutuma hela. Ukiambiwa wiki 8 kwa hela iliyokwama usigombane nae, andika tu kwenye notisi zako nani kasema na lini, halafu wewe endelea kuhesabu siku zako 15.

Kabla ya yote, kampuni yako ni nani hasa

Fungua Financial Services Register kwenye tovuti ya FCA, andika jina la kampuni, angalia kama ipo na kama ina ruhusa ya huduma za malipo. Jina la kuandika ni lile la kisheria, sio la kwenye bango. Kwenye apu unalikuta chini kabisa kwenye masharti, na kwa ajenti lipo kwenye risiti. Hapa kwa ajenti watu wanachanganya sana, unaingia duka la kona linalouza muhogo na vocha, unampa jamaa hela, ikipotea unaenda kugombana na jamaa wa duka. Yule ni ajenti tu. Anayebeba jukumu ni kampuni ambayo yeye ni ajenti wake, na lalamiko linaenda huko, jamaa wa duka mwambie akuchapishie risiti upya kama ya kwanza umeitupa.

Sasa kama ulimpa hela mtu wa kuaminiana tu, yule ambae shemeji yake yuko Mombasa anampa mama yako huko, na jina lake halipo popote kwenye rejista, basi ngazi zote ninazoeleza hapa chini huna. Hakuna pa kupanda, unabaki na mazungumzo ya wazee na polisi. Nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wanakuja na meseji za WhatsApp za mtu wa hivyo wakidhani kuna ofisi itawasikiliza.

Hatua ya 1: jua hela imekwama wapi

Usiandike lalamiko kabla hujajua hili, maana lalamiko lisilosema tatizo lilipo ndio linalozungushwa. Kwa kawaida hela inakwama sehemu moja kati ya tatu.

Inaweza kuwa bado iko Uingereza, kampuni imeishikilia ikifanya ukaguzi. Utaona hali ya muamala inasema inachakatwa au inakaguliwa, na mara nyingi kuna imeili imekuomba kitambulisho au uthibitisho wa hela imetoka wapi, angalia mpaka kwenye spamu. Kama wameomba nyaraka wape siku hiyo hiyo. Ujue kwamba kwenye ukaguzi wa namna hii wakati mwingine sheria inawakataza kukwambia sababu, kwa hiyo mtu wa simu akiwa anajibu kwa kujing'atang'ata inawezekana hana ruhusa ya kusema zaidi. Kulalamikia ucheleweshaji bado unaweza, ila lalamiko haliwezi kuwalazimisha wamalize ukaguzi kabla ya wakati.

Inaweza kuwa imetoka Uingereza lakini upande wa kule imegoma kuingia. Hii ni ya kawaida sana kwenye simu. Kenya mfano akaunti ya M-Pesa haitakiwi kuzidi shilingi 500,000, na muamala mmoja mwisho wake 250,000, sasa kama mzee ameuza ng'ombe na hela za ng'ombe bado ziko kwenye simu, ya kwako inakataliwa inarudi. Au laini imefungwa. Au jina uliloandika halifanani na la kwenye kitambulisho, umeandika Mama Zuhura wakati kitambulisho kinasema kitu kingine kabisa. Kwa hela ya kuchukua mkononi kwenye ofisi hilo la jina ndio linaloongoza, na likigundulika kabla hela haijalipwa kampuni nyingi zinarekebisha kwa simu moja.

Ya tatu ndio mbaya, kampuni inasema imelipwa na aliyetakiwa kupokea anasema hajapokea. Hapa usibishane kwa maneno, kuna kitu kimoja cha kuomba, nacho ni kumbukumbu ya muamala ya mtandao wa kule. Namba ya apu yako haimsaidii mtu wa Tanga kwa lolote, unataka ile kodi, yaani namba ya kumbukumbu, ambayo mtandao wa simu umeitoa hela ilipoingia. Kwa M-Pesa ya Kenya ni herufi na tarakimu 10. Muombe kastoma kea akupe hiyo kodi, tarehe, saa, na tarakimu za mwisho za namba iliyopokea. Wakati huo huo mwambie ndugu yako aombe taarifa ya akaunti yake ya siku hizo kwa mtandao wake, Kenya anaingia `*334#`, Tanzania akiwa M-Pesa ni `*150*00#`, akishindwa aende dukani kwao. Ukizilinganisha hizo mbili unapata jibu papo hapo: kodi ikiwepo kwenye taarifa hela imeingia na pengine kijana wa nyumbani ameshaitoa, kodi isipokuwepo au namba ikiwa nyingine hapo una kesi.

Na kama namba umekosea wewe mwenyewe, sema ukweli tangu mwanzo. Kwa kawaida kampuni haibebi hasara ya namba uliyoandika vibaya, inachotakiwa ni kufanya jitihada za kuirudisha, na kila saa inayopita aliyepokea anazidi kuitumia. Lalamiko hapo linakuwa juu ya jitihada zao, mfano uliwapigia dakika 10 baada ya kutuma na wao wakakaa siku 4 bila kuwasiliana na mtandao.

Hatua ya 2: peleka lalamiko kwa namna ambayo tarehe haibishaniwi

Kisheria lalamiko linaweza kuwa la mdomo, ukimwambia mtu wa simu kwamba hujaridhika na umepata hasara hilo tayari ni lalamiko na saa inaanza. Ila kwa uzoefu wangu wa kukaa na watu kwenye haya mambo, la mdomo linaandikwa kwenye mfumo wao kama ulizo la kawaida, linapewa namba ya tiketi, likifungwa tiketi imefungwa na hakuna siku iliyohesabiwa. Kwa hiyo hata kama umeshapiga simu mara nyingi, andika imeili. Anwani ya malalamiko ipo kwenye tovuti yao, kila kampuni inatakiwa iweke wazi utaratibu wake. Kwenye kichwa cha imeili andika `Formal complaint` na namba ya muamala, ukiandika hivyo hata mashine yao inayopanga imeili inaipeleka kitengo kinachohusika.

Ndani usiandike risala. Eleza umetuma kiasi gani, tarehe gani, saa ngapi, kwa nani, kwa njia gani, na umelipa ada kiasi gani. Eleza kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, umepiga lini, umeambiwa nini na nani. Eleza hasara iliyokupata kwa vitu vinavyohesabika, kama ulituma mara ya pili na ukalipa ada mara ya pili, kama shule iliongeza faini, kama ulipiga simu za kulipia. Halafu malizia na unachotaka, na hapa ndipo wengi wanateleza, mtu anaandika kurasa mbili za uchungu halafu hasemi anataka nini. Sema nataka hela ifike kwa namba hii, au nataka irudi kwenye kadi yangu na ada yake, na nataka fidia ya hasara hizi nilizotaja. Ambatisha skrinishoti za hali ya muamala, risiti, taarifa ya benki inayoonyesha hela imetoka, na ile taarifa ya simu ya ndugu yako.

Lalamiko liende kwa jina la aliyetuma, wewe ndio mteja wao. Mama wa Tanga hata akipiga simu London hawatamsikiliza. Kama Kiingereza kinakusumbua unaweza kumteua ndugu au rafiki akusemee, unaandika imeili fupi ya kumruhusu, jina lake na kwamba umekubali wampe taarifa zako. Usimlipe mtu kwa kazi hii. Wapo wanaochukua asilimia ya kile utakachorudishiwa na hakuna wanachofanya ambacho mpwa wako wa sekondari hawezi kukifanya.

Kampuni inatakiwa ikujibu haraka kwamba lalamiko limefika. Kama siku 2 au 3 zimepita kimya, tuma tena imeili ile ile juu ya ile ya kwanza, usifungue mpya, ili tarehe ya kwanza iendelee kuonekana.

Hatua ya 3: hesabu siku

Tufanye mfano wenye tarehe kamili maana hapa maneno matupu hayasaidii. Dada yuko Reading, ametuma paundi 400 kwa mama mdogo wake Tanga siku ya Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, karo ya mtoto na dawa. Jumapili apu inasema imelipwa, mama mdogo hana kitu. Jumatatu anapiga anaambiwa masaa 24. Jumanne tarehe 12 asubuhi anaandika imeili ya lalamiko kama nilivyoeleza.

Siku ya kupokea haihesabiwi. Siku ya 1 ni Jumatano tarehe 13. Jumamosi na Jumapili unaziruka, na Jumatatu tarehe 25 Agosti unairuka pia kwa sababu ilikuwa benki holidei ya Uingereza. Ukienda hivyo siku ya 15 inaangukia Jumatano tarehe 3 Septemba. Iandike kwenye kalenda ya simu na alamu. Kama angeituma hiyo imeili saa 5 usiku, au Jumamosi, kampuni ingekuwa na haki ya kuihesabu imepokelewa siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo tuma asubuhi ya siku ya kazi usipoteze siku bure.

Katikati ya hapo kuna kituo kidogo. Wakilimaliza tatizo mpaka mwisho wa siku ya 3 ya kazi, yaani kwa mfano wetu Ijumaa tarehe 15, na wewe ukakubali kwamba limeisha, wanakutumia barua fupi tu inayosema limemalizika na kwamba ukibadili mawazo unaweza kwenda kwa msuluhishi, yaani Financial Ombudsman Service, ofisi ya nje inayoamua kesi kati ya mteja na kampuni. Ni sawa kabisa, ila kuwa makini na lile swali la mwisho la kwenye simu, je umeridhika tufunge. Hela ikiwa haijaonekana kwenye simu ya mama mdogo jibu ni hapana, hata kama wamekuahidi iko njiani. Ukisema ndio wameshafunga.

Kama tatizo liko nje ya uwezo wao, mfano mtandao wa kule haujawajibu, wanaweza kukutumia barua ya kuomba muda. Hiyo barua ina masharti, itaje sababu ya kuchelewa na itaje tarehe ambayo jibu la mwisho litatoka, na tarehe hiyo haiwezi kupita siku 35 za kazi tangu wapokee lalamiko. Kwa dada wa Reading siku ya 35 ni Jumatano tarehe 1 Oktoba. Barua inayosema tu bado tunalishughulikia tafadhali kuwa mvumilivu, isiyo na sababu wala tarehe, haijaongeza siku yoyote, tarehe 3 Septemba inabaki pale pale. Na ni kwa hali za kipekee, kampuni inayompelekea kila mteja barua ya siku 35 inaitumia vibaya na unaweza kulisema hilo ukifika ngazi ya juu.

Kitu kingine watakachokwambia kwenye hizi siku ni kwamba kosa ni la mshirika wao wa Tanzania au Kenya, ongea nae. Usikubali kuhamishwa. Mkataba wako wewe ni na kampuni uliyoilipa Uingereza, mshirika wao ni wa kwao wao kumbana. Ndugu yako akienda kule kwa mshirika aende kuchukua ushahidi tu, basi.

Hatua ya 4: kupandisha ndani ya kampuni

Hii ngazi naipita haraka kwa sababu kisheria hulazimiki kuipitia. Kampuni nyingi zina mtu wa simu, juu yake msimamizi wa zamu, juu yake kitengo cha malalamiko, na juu kabisa ofisi ya meneja. Ukishatuma imeili ya lalamiko umeruka wawili wa kwanza. Kinachofaa kufanya ni kama siku ya 10 hivi ya kazi, kwa mfano wetu Jumatano tarehe 27 Agosti, kutuma mistari mitatu kwa kitengo cha malalamiko ukikumbusha tarehe waliyopokea na tarehe ambayo siku 15 zinaisha, na kwamba baada ya hapo unalipeleka kwa Financial Ombudsman Service. Usiandike vitisho vya mitandaoni wala matusi. Hiyo mistari mitatu inafanya kazi kwa sababu inayofahamika, kampuni ndio inatozwa ada kwa kesi zinazofika kule, wewe hutozwi, na mtu wa kitengo anajua faili lake litasomwa na mtu wa nje.

Nimeshaona kesi inakaa wiki 3 bila mtu kuigusa halafu inamalizika siku moja baada ya ukumbusho wenye tarehe. Nimeona pia zisizojibiwa kabisa, hizo ndio za hatua inayofuata.

Hatua ya 5: soma barua ya mwisho vizuri

Jibu la mwisho kwenye karatasi linaandikwa `final response`. Linatakiwa liseme moja kati ya mambo haya: wamekubali lalamiko na wanakupa nini, au hawajakubali kosa lakini wanakupa kitu, au wamekataa na sababu zake. Linatakiwa pia likwambie kwamba unaweza kwenda kwa msuluhishi, likupe anwani yake, na likutajie muda wa miezi 6.

Huo muda wa miezi 6 unaanza tarehe ya barua, sio siku uliyoisoma. Dada wa Reading akipewa barua tarehe 3 Septemba 2025 mwisho wake ni tarehe 3 Machi 2026. Ukipita, kampuni ikikataa, msuluhishi kwa kawaida hana mamlaka ya kuliangalia tena isipokuwa kulikuwa na jambo zito kweli, mfano ulikuwa umelazwa hospitali. Kwa hiyo imeili za hii kampuni zisiende kwenye folda ya promosheni.

Wakikupa ofa, piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme wanamwambia dada tunakurudishia paundi 400 na vocha ya safari ijayo bila ada. Ada aliyolipa mwanzo iko wapi? Alituma mara ya pili ili mtoto asifukuzwe shule, ada ya hiyo mara ya pili nani anailipa? Na karo ilichelewa, shule iliongeza kiasi? Hivyo ni vitu vyenye risiti na anaweza kuvirudisha mezani kwa imeili moja. Juu ya hapo kuna usumbufu wenyewe. Msuluhishi ana viwango vyake alivyovitangaza, usumbufu mdogo wa mara moja ni chini ya paundi 100, uliochukua muda na kukupa kazi ya ziada unaweza kufika kati ya 100 na 300. Ukijua hivyo hutadai paundi 5,000 kwa wiki 3 za kusumbuliwa, na hutakubali vocha pia.

Hatua ya 6: Financial Ombudsman Service

Unaweza kwenda huku ukishapata barua ya mwisho ambayo hujaridhika nayo, au siku 15 zikiisha bila jibu, au 35 kama walikupa barua halali ya kuomba muda. Huhitaji ruhusa ya kampuni. Ni bure, hutakiwi kuwa na wakili, unajaza fomu kwenye tovuti yao au unapiga 0800 023 4567, na ukihitaji mkalimani waambie tangu mwanzo. FCA wenyewe usiwapelekee kesi yako wakiwa kama hakimu, wao wanasimamia kampuni kwa ujumla, hawakurudishii hela yako wewe. Watu wanapoteza miezi wakisubiri FCA iwajibu.

Ukiwasilisha kabla ya muda kufika hawatalipokea ili walichunguze, watairudisha kwa kampuni kwanza. Hapo ndipo ile tarehe ya imeili yako inapokuwa na thamani, unaambatisha imeili ya tarehe 12 Agosti, unaonyesha tarehe 3 Septemba imepita, mjadala wa muda umeisha.

Ndani yake kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni mchunguzi, anasoma faili la pande zote mbili, anawaomba kampuni rekodi za simu na ile kodi ya mtandao wa kule, halafu anatoa maoni yake. Kesi nyingi zinaishia hapa, pande zote zikikubali basi. Mchunguzi akikuuliza kitu jibu ndani ya siku alizokupa, na ukiwa huna ushahidi sema huna, kwa sababu anaamua kwa kuangalia kipi kina uwezekano zaidi wa kuwa kweli, na mtu anayejaza mapengo kwa kubuni anaonekana mara moja. Huku hakuna siku 15. Inaweza kuchukua miezi, na kama ndugu yako anahitaji dawa wiki hii basi tuma kwa njia nyingine ukaweka risiti, usiisubirie kesi.

Upande mmoja ukikataa maoni ya mchunguzi unaomba kesi iende ngazi ya pili, kwa ombudsmani mwenyewe. Usiombe kwa hasira tu, sema ni kipi mchunguzi hakukiangalia. Mfano dada wa Reading, mchunguzi amesema kampuni ilionyesha hela ililipwa, lakini tarakimu za mwisho za namba iliyolipwa sio za mama mdogo na sio alizoandika yeye kwenye risiti. Hiyo ndio pointi, na inaelezwa kwa sentensi mbili na skrinishoti mbili zikiwa sambamba.

Uamuzi wa ombudsmani unakuja na fomu na tarehe. Ukiukubali kabla ya hiyo tarehe unaifunga kampuni, haina ujanja tena, na isipolipa unaweza kwenda mahakamani kutaka utekelezwe. Ukikaa kimya tarehe ikapita inahesabiwa umeukataa, na kampuni haidaiwi chochote kwa uamuzi ule, hata kama ulikuwa umeshinda. Ukiukataa kwa makusudi mlango wa mahakama bado upo kwako, kwa England na Wales madai mengi ya hela yasiyozidi paundi 10,000 yanaenda njia ya madai madogo, ila kule unalipa ada ya kufungua kesi na unaanza kuthibitisha upya. Ukiukubali huwezi tena kwenda kuidai kampuni hiyo mahakamani kwa jambo lile lile ili upate zaidi. Kwa hela ya kiwango cha paundi 400 mimi nawaambia watu jazeni fomu, sainini, rudisheni siku hiyo hiyo, na mhifadhi nakala yenye tarehe.